Jina la kampuni ya safari: kutoka mdomo wa mgeni hadi kidole cha jirani yake

*Shikamoo mzee. Nimeendesha na kuongoza wageni Arusha kwa miaka tisa, sasa nataka kufungua kampuni yangu. Mke wangu ameshachagua jina: Nyota Ing'aayo Tours & Safaris. Rafiki yangu anasema hilo Mzungu hataliweza, niite Best Serengeti Kilimanjaro Adventures ili Google iniweke juu. Kijana anayenitengenezea tovuti anasema nifupishe tu, NIT Safaris. Wageni wangu wengi ni Wajerumani na Wamarekani, na huja kwa kuambiwa na wenzao waliowahi kupanda gari langu. Kesho kutwa naenda kulipia usajili BRELA. Nichague lipi?*

Marahaba. Kwanza usilipie kesho kutwa. Kati ya majina hayo matatu hakuna hata moja ninaloweza kukushauri ulibandike kwenye mlango wa gari, ila la mke wako lina kitu ndani yake ambacho mengine mawili hayana, na tutarudi kukichukua.

Umesema jambo moja kubwa kwa kupita tu: wageni wako huja kwa kuambiwa. Basi tulifuate jina lako linavyosafiri. Mgeni uliyempeleka Ndutu mwezi wa pili yuko kwao Stuttgart, amekaa mezani na jirani yake, anamwonyesha picha za duma kwenye simu. Jirani anauliza, mlikwenda na nani? Mgeni analitamka jina la kampuni mara moja, pengine mdomo umejaa mkate. Jirani anaitikia kwa kichwa. Wiki tatu baadaye, amejilaza kwenye kochi, anachukua simu na kujaribu kuliandika neno ambalo hajawahi kuliona limeandikwa popote. Hapo ndipo kampuni yako inapopata kazi au kuikosa, na wewe hutajua kamwe, kwa sababu aliyekukosa hakupigii simu kukwambia amekukosa.

Hayo nimeyalipia mwenyewe. Kampuni yangu ya kwanza niliipa jina la kijito cha kijijini kwetu, neno linaloanza na "Mb" na kuishia na "we". Kwangu lilikuwa tamu. Mwaka wa pili mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa amesafiri nami akarudi, na siku ya kwanza tu garini akaniuliza kwa nini nilimdharau dada yake. Dada yake alikuwa ameniandikia barua pepe mbili. Zote mbili anwani yangu aliiandika bila ile "M" ya mwanzo, maana nduguye alipomtajia jina hakuisikia, na nduguye mwenyewe hakuitamka. Barua zikaenda kusikojulikana. Mwishowe yule dada akatafuta Google, akaletewa kampuni nyingine yenye jina la kukaribiana, akasafiri nayo. Wala siwalaumu wenzangu hao, hawakuiba chochote. Jina langu ndilo lililowapelekea mgeni mlangoni.

Sasa tulichukue Nyota Ing'aayo. Tatizo la kwanza ni ile ng'. Mmarekani na Mjerumani wote wana sauti hiyo mwishoni mwa maneno yao, lakini kuianzisha silabi nayo hawawezi bila mazoezi. Wakiliona limeandikwa watasoma "ing-gayo", na wakilisikia kwako wataandika "inayo", "ingayo" au "inaio". Tatizo la pili halina dawa kabisa: anwani ya tovuti kwa kawaida hukubali herufi a hadi z, tarakimu na kistari tu. Ile alama ya ng' hairuhusiwi, na & ya "Tours & Safaris" nayo hairuhusiwi. Kwa hiyo ungelazimika kuandika `nyotaingaayotoursandsafaris.com`. Isome kama mtu asiyejua Kiswahili, uone utaikata wapi. Halafu kwa kuwa tovuti inasema hivi, hati ya BRELA inasema vile, na simu za wageni zina alama mbili tofauti za kuandikia ng' (iliyonyooka na iliyopinda), utakuwa na jina moja lenye sura nne.

Kijana wako wa tovuti ameliona tatizo hilo, ila dawa yake ni mbaya kuliko ugonjwa. Herufi za kwanza hazimkumbushi mtu chochote. Hakuna picha ya kushika. Na hizi tatu zina mikosi yake. Hapa nyumbani NIT ni Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na wao hutawapita kwenye Google hata ukeshe. Kwa Kiingereza, neno "nit" maana yake ni yai la chawa. Sitanii, ndilo neno ambalo mama wa Kimarekani hulisikia shuleni kwa mtoto wake wakati wa kukagua vichwa. Kila ufupisho, kabla ya kuupenda, mtafute mtu aliyezaliwa ndani ya lugha ya wageni wako akuambie unasikika vipi kwao.

Ushauri wa rafiki yako ndio unaowapoteza wengi pale Arusha, kwa hiyo nikae nao kidogo. Anadhani mtu akiandika "Serengeti safari" Google itatazama majina na kumpa mwenye Serengeti kwenye jina. Zamani mambo yalikuwa na mwelekeo huo. Mwaka 2012 Google walitangaza mabadiliko yaliyolenga hasa tovuti hafifu zilizopanda juu kwa sababu tu anwani yake ilikuwa sawasawa na maneno yanayotafutwa. Leo Serengeti na Kilimanjaro unaziandika kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye maelezo ya safari yenyewe, chini ya picha. Huko ndiko zinakofanya kazi. Kwenye jina zinakuzika.

Zinakuzika hivi. Chukua maneno sita: Serengeti, Kilimanjaro, Africa, Wildlife, Adventures, Safaris. Panga matatu yoyote kwa mpangilio wowote, kisha tembea kutoka mnara wa saa hadi stendi ukisoma mabango na milango ya magari. Utalikuta jina hilo, au lililopishana nalo kwa neno moja. Mgeni wako atakumbuka kwamba ulikuwa "kitu fulani Kilimanjaro kitu fulani", na hapo hata akiandika bila kosa, anaandika jina la mtaa mzima. Na kwa Mmarekani kuna kichekesho zaidi: Kilimanjaro Safaris ni jina la mchezo wa kupanda gari na kutazama wanyama kwenye bustani ya Disney kule Florida, uliofunguliwa mwaka 1998. Anayeandika maneno hayo mawili akiwa Ohio huletewa saa za foleni za Florida kabla ya kuletewa mlima wetu.

Isitoshe, si kweli kwamba majina hayo wanaweza kuyaandika. Nimekaa miaka mingi nikisoma maulizo ya wageni, na nimeona Serengetti kwa t mbili, Killimanjaro kwa l mbili, na Ngorongoro iliyokatwakatwa kila namna. Maneno ya Kiingereza chenyewe yana mitego ambayo sisi hatuioni. Nyika zetu wengine huandika Savanna na wengine Savannah. Msafiri kwa Mwingereza ni Traveller, kwa Mmarekani ni Traveler. Maasai sisi tunaandika kwa a mbili, nusu ya wageni huandika Masai. Ukiweka neno la namna hiyo kwenye jina, umejigawa vipande viwili siku ya kwanza.

Hapo utaniambia: lakini mzee, Google si husahihisha makosa? Husahihisha, na hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Google ikiona neno isilolijua sana, humvuta mtafutaji kuelekea neno maarufu lililo jirani. Kwa Serengetti inamrudisha Serengeti, vizuri. Kwa kampuni changa isiyojulikana inafanya kinyume: inamtoa kwako na kumpeleka kwa mkubwa. Ukijiita Duma peke yake, unapambana na baraza la chini la bunge la Urusi, ambalo nalo huitwa Duma na huandikwa kila siku kwenye magazeti ya dunia. Barua pepe yenyewe haina hata huyo msahihishaji. Herufi moja ikikosewa, barua haifiki.

Kwa hiyo tunatafuta neno lililosimama katikati ya mashimo mawili. Lisiwe geni kiasi kwamba sikio haliwezi kulipeleka kwenye kidole, wala lisiwe la kawaida kiasi kwamba likiandikwa sawasawa linazama kwenye bahari ya majina. Bahati yetu ni kwamba Kiswahili kimejaa maneno ya hapo katikati, kwa sababu silabi zetu huishia na vokali, na mgeni akishasikia vokali zote hana cha kubahatisha. Tatizo liko kwenye konsonanti. Mb, nd, nj, mw, ng mwanzoni mwa neno huangusha herufi ya kwanza, kama ilivyoangusha yangu. W, z na j ni hatari kwa wageni wako wa Kijerumani, kwa namna ambayo watu hawaielewi vizuri. Chukua Zawadi. Mjerumani akilisikia kwako, ile z yako ndiyo sauti anayoiandikia s, na ile w yako inamkaribia u. Anaweza kukuandikia "Sauadi" kwa nia njema kabisa. Akilisoma badala ya kulisikia, atalitamka "Tsavadi", na Mmarekani anayemsikiliza ataandika hivyo hivyo. Wajerumani wawili wakiambiana wao kwa wao wataelewana. Jina huvunjika linapovuka kutoka mdomo wa lugha moja hadi sikio la nyingine, na biashara yako yote imejengwa juu ya kuvuka huko.

Maana nayo iangalie pande zote. "Pole pole" kila mgeni aliyepanda Kilimanjaro analijua kwa sikio, lakini aliyebaki nyumbani akiliona limeandikwa analisoma kama Kiingereza cha mlingoti. "Moto" kwetu ni moto. Kwa Mfaransa na Mhispania ni pikipiki, na utapata maulizo ya watu wanaotaka kuvuka Serengeti kwa magurudumu mawili. Pofu ni mnyama mzuri, mkubwa, hakuna ubishi, lakini hata kwetu jina hilo linamwita kipofu, na kwa Mwingereza linaanza na tusi.

Sasa turudi kwa mke wako. Alichokuwa nacho ni nyota. Hiyo ni picha, na picha ndiyo inayokaa kichwani. Nyota yenyewe kama neno si mbaya kuandika, ila imetumika sana kwenye hoteli na maduka, na Wamarekani wana hadithi yao mashuhuri ya angani kwenye televisheni yenye mhusika wa kike aitwaye Nyota, kwa hiyo ukilitafuta unakutana naye. Basi tubaki mbinguni, tutafute neno jingine humo humo.

Zuhura ningeliacha kwa sababu ya ile z, na kwa sababu h katikati hupotea. Kimondo kilinivutia sana. Silabi tatu, kila herufi husomeka vilevile kwa Mmarekani na kwa Mjerumani, na kina hadithi ya kweli nyuma yake: kimondo cha Mbozi kule Songwe, bonge la chuma la tani zipatazo 16 lililoanguka kutoka angani. Kisha nikalisema neno hilo kwenye simu yangu, kibodi ikiwa kwenye Kiingereza cha Marekani, nikabonyeza kipaza sauti na kulitaja ndani ya sentensi ya kawaida, bila kulivuta. Simu ikaandika Komodo. Nikarudia, ikaandika Komodo. Nawe unajua Komodo ni nini: kisiwa cha Indonesia chenye mijusi mikubwa, chenye utalii wake na kampuni zake za kutembeza wageni. Yaani ule mvuto wa neno maarufu ungempeleka mgeni wako bara jingine, tena kwa watu wanaouza kitu kinachofanana na chako. Huo ndio mtego mbaya kuliko yote, maana akifika huko haoni kama amepotea.

Neno la tatu ni Kilimia. Kile kikundi cha nyota ndogondogo ambacho wazee walitazama kujua majira ya kulima: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Waingereza huziita Dada Saba. Mwezi wa pili, wageni wako wakiwa Ndutu wakati nyumbu wanazaa, baada ya chakula cha jioni Kilimia kiko juu angani, unawaonyesha kwa kidole. Tangu hapo jina la kampuni yako wanalo kichwani pamoja na usiku ule. Hakuna tangazo utakalolilipia litakalofanya hivyo.

Nisikufiche kasoro zake. Linaanza kama Kilimanjaro, kwa hiyo anayeandika "kilimi" atapendekezewa mlima kabla hajamaliza, na wengine wataongeza l ya pili kama wanavyofanya kwenye mlima wenyewe. Wamarekani wengine wataandika Kalimia. Lakini ona tofauti: makosa haya ni machache na unaweza kuyatabiri, na kinachoweza kutabirika hununuliwa. Unasajili anwani ya l moja, unasajili na ya l mbili, ya pili unaielekeza kwa ya kwanza, na sanduku la barua pepe la ile yenye kosa unaliweka lipeleke kila kitu kwako. Anwani ya .com kwa kawaida haizidi sana dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Kwa Ing'aayo ungenunua ngapi?

Usilichukue Kilimia kwa sababu nimelisifu mimi. Lipitishe kwenye jaribio, pamoja na maneno mengine mawili au matatu mtakayoyapata wewe na mke wako. Jaribio la kipaza sauti ni la kuchuja tu, kwa sababu linasikia mdomo wako wewe. Jaribio lenyewe ni la watu wawili. Una namba za WhatsApp za wageni wako wa zamani. Chagua sita, watatu Wajerumani na watatu Wamarekani. Kila mmoja mtumie sauti yako ukilitaja jina mara moja, mwendo wa kawaida. Mwombe ampigie simu rafiki au ndugu, amtajie jina hilo, na yule wa pili aliandike kwa kalamu kwenye karatasi bila kuulizia herufi. Kisha wakutumie picha ya karatasi. Hiyo ndiyo njia ileile ya meza ya Stuttgart, imefupishwa kuwa mchana mmoja. Karatasi tano zikirudi sawasawa, au zikiwa na kosa lilelile moja, jina linafaa. Zikirudi na makosa manne tofauti, liache hata kama unalipenda, maana makosa manne huwezi kuyanunua yote.

Baada ya siku nne au tano waulize wale wale wa kwanza: lile jina lilikuwaje? Usilitaje. Atakayejibu "lile la nyota" na akashindwa kulitaja bado ana kamba ya kushika. Atakayesema "samahani, limenitoka kabisa" amekupa jibu pia.

Lililobaki lipeleke kwenye Google, lakini si kwenye simu yako unayotumia kila siku, kwa kuwa hiyo inakujua na inajua uko Arusha. Fungua dirisha fiche la kivinjari, au bora zaidi mwombe mmoja wa wale wageni akutumie picha ya kioo chake. Andika kwanza neno peke yake, kisha pamoja na Safaris, kisha lote ndani ya alama za kunukuu, hivi:

```
kilimia
kilimia safaris
"kilimia safaris"
```

Mstari wa kwanza unakuonyesha nani mwingine duniani anaitwa hivyo. Jina la mtu au la ua halikudhuru. Kampuni ya utalii inakudhuru, hata ikiwa Kenya au Uganda. Mstari wa pili uangalie kwa makini kama Google inauliza ulikuwa na maana ya kitu kingine. Kwa Kilimia nategemea mwanzoni itakusukuma kwenye Kilimanjaro, na hilo hupungua kadiri tovuti yako, ukurasa wako wa Tripadvisor na maoni ya wageni yanavyolitaja jina kwa maandishi yaleyale. Mstari wa tatu ukileta kampuni yenye leseni na magari, hadithi imeishia hapo, tafuta neno jingine. Usijidanganye kwamba wao wana "Tours" na wewe una "Safaris". Mgeni haoni tofauti hiyo.

Na hilo neno la pili liwe Safaris, kwa wingi, basi. Ukiliacha jina bila neno la kazi, mtu hajui kama wewe ni hoteli au mkahawa. Ukiliandika Safari kwa umoja, unajiweka karibu na kivinjari cha Apple chenye jina hilo tangu mwaka 2003. Adventures, Expeditions na mikia mingine yote iache.

Ndipo uende kwenye karatasi, na mpangilio wake uwe huu: siku hiyohiyo uliyolikubali jina, kabla hujamwambia mtu yeyote kwenye kijiwe, sajili .com, kisha .co.tz, kisha kurasa za Instagram na Facebook kwa herufi zilezile. Mmarekani akikisia anwani huandika .com bila kufikiri, kwa hiyo hiyo ndiyo mlango wako mkuu; .co.tz inakusaidia kuonyesha uko kweli Tanzania. Kesho yake ingia kwenye mfumo wa BRELA utafute kama jina limeshachukuliwa na uombe lako. Wapo wengi waliofanya kinyume, wakarudi na hati mkononi na kukuta anwani ya tovuti ilishanunuliwa, wakaishia kuweka vistari na tarakimu. Kistari hakitamkiki. Jaribu kumwelekeza mtu kwa simu anwani yenye kistari, utaona.

Jua pia hati ya BRELA inafika wapi. Kusajili kampuni au jina la biashara hakukupi alama ya biashara. Hiyo ni maombi mengine, hapo hapo BRELA, na hata ukiipata inakulinda Bara tu. Zanzibar wana wakala wao, BPRA. Kama wageni wako humalizia safari Nungwi na Paje, na papasi wa huko, wale vijana wanaowafuata watalii ufukweni, wakaanza kuuza vifurushi kwa jina lako, hati ya Bara haitakusaidia.

Jambo la mwisho limewahi kuniharibia biashara mara mbili, nalo ni jina la akaunti ya benki. Mgeni ameona Kilimia Safaris kwenye tovuti, ameletewa ankara, anafika benki kwao kutuma dola elfu kadhaa, na jina la mpokeaji linasomeka kitu kingine kabisa kwa sababu kampuni ilisajiliwa kwa jina la familia. Mjerumani akiona hivyo anasimama. Ameambiwa tangu utotoni kwamba hivyo ndivyo matapeli wanavyofanya. Kwa hiyo jina lililoko BRELA, TRA, kwenye leseni ya utalii ya TALA, benki, kwenye tovuti na kwenye Google Business Profile liwe moja, herufi kwa herufi, tofauti pekee ikiwa ile Limited ya mwisho. Na kwenye Google Business Profile usiongeze "Best Serengeti Tours" baada ya jina, hata rafiki yako akikusihi. Sheria yao inataka jina lililo kwenye bango lako, na wanaosheheneza maneno huhaririwa jina au kusimamishwa ukurasa, mara nyingi katikati ya msimu.

Stika za milango ya gari ziagize mwisho kabisa, baada ya TALA kutoka. Na jina uliandike kubwa mlango wa nyuma, upande wanaokaa wageni, kwa sababu huko ndiko wanakopigia picha wakiwa wamesimama kando ya gari. Jirani wa Stuttgart akilisahau, mgeni wako bado anayo picha hiyo kwenye simu.